Waya mzima, taa inawaka, data haipiti: poti inapozibwa kwa sababu jirani yake ni tranki

Siku ile nilibadilisha swichi ya ghorofa ya pili kwenye ofisi moja ya ghorofa tatu. Ya zamani ilikuwa Catalyst 2960 iliyoanza kujizima yenyewe kila joto linapopanda, na mbadala niliopewa ulikuwa Catalyst 3560 iliyotumika, lakini nzima. Usanidi wa ile ya zamani nilikuwa nao kwenye faili. Nikaunganisha kebo ya konsoli mezani, nikaubandika wote kwa mkupuo mmoja, nikahifadhi, nikapanda ghorofani, nikaifunga swichi kwenye raki na kuchomeka waya wa kwenda swichi kuu. Nikashuka nikiwa na amani kabisa.

Sijafika hata chini, simu ikaita. Alikuwa dada wa uhasibu: "Kaka, huku juu hakuna hata mmoja mwenye mtandao." Kompyuta zao zilikuwa zimejipa anwani zinazoanza na 169.254, dalili kwamba hazikuifikia seva ya kugawa anwani. Kutoka kwenye meza yangu swichi mpya haikuitika hata kwa ping. Lakini nilipoingia swichi kuu, poti inayokwenda ghorofa ya pili ilikuwa hai, ni tranki, yaani inabeba kwa waya mmoja VLAN nyingi, mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi, na STP, itifaki inayoziba njia ili fremu zisizunguke bila mwisho, ilionyesha inapitisha data kama kawaida. Nikawa na upande mmoja unaosema kila kitu ni sawa, na upande wa pili uliokatika kabisa.

Hitilafu ya namna hii ina jina lake: poti imezibwa kwa kutolingana aina, yaani kwenye skrini `TYPE_Inc`. Huwapotezea mafundi saa nyingi kwa sababu haifanani na hitilafu. Waya haujakatika. Poti haijazimwa. Hata CDP, itifaki ya Cisco ya vifaa kujitambulisha kwa jirani, inaendelea kukuonyesha jirani kwa jina na modeli, kwa kuwa fremu za CDP hupita hata pale STP ilipofunga njia. Kitu pekee kisichopita ni data ya watu.

Ili kuielewa, inabidi kwanza kujua swichi za Cisco zinasemezana nini kila sekunde 2.

Swichi zinazotumia PVST+, ambayo ni STP ya namna ya Cisco, huendesha mti mmoja wa STP kwa kila VLAN. Kila mti una swichi mzizi wake, na habari za mti husafirishwa na fremu ndogo ziitwazo BPDU. Sasa angalia jambo hili kwa makini, kwa sababu suala zima limelala hapa: namna BPDU inavyotumwa inategemea poti ni ya aina gani.

Poti ikiwa ya akses, yaani iliyo ndani ya VLAN moja tu, hutuma BPDU ya kawaida ya kiwango cha IEEE, bila tagi, kwenda anwani `01:80:C2:00:00:00`. Ndani yake hamna neno lolote kuhusu VLAN, wala hakuna haja, kwa kuwa poti yenyewe ina VLAN moja. Poti ikiwa tranki ya 802.1Q mambo hubadilika. Hapo swichi hutuma, pamoja na ile ya kawaida ya VLAN 1, BPDU ya namna ya Cisco kwa kila VLAN, kwenda anwani nyingine: `01:00:0C:CC:CC:CD`. Hizi hubeba tagi ya VLAN yake, isipokuwa ile ya VLAN asili ambayo hupita uchi bila tagi. Na mwishoni mwa kila moja kuna kipande kidogo chenye namba ya VLAN iliyoituma, ndiyo PVID.

Kwa hiyo BPDU ya Cisco, hata kabla ya kuisoma ndani, ni barua yenye muhuri wa mahali ilikotoka. Kuiona tu kunatosha kukuambia kwamba aliyeituma anaihesabu poti yake kuwa tranki, kwa sababu poti ya akses haitumi barua ya aina hiyo.

Basi swichi yangu mpya ya ghorofa ya pili ilikuwa na poti ambayo yenyewe iliihesabu kuwa ya akses kwenye VLAN 1. Ndani ya sekunde chache tangu nichomeke waya, ikapokea BPDU yenye muhuri wa tranki. Ikaamua kwamba mimi na jirani yangu hatukubaliani juu ya waya huu, na ikaziba. Nilipopanda tena na kebo ya konsoli na kuandika `show logging`, nilikuta haya:

```
%SPANTREE-7-RECV_1Q_NON_TRUNK: Received 802.1Q BPDU on non trunk GigabitEthernet0/1 VLAN1.
%SPANTREE-7-BLOCK_PORT_TYPE: Blocking GigabitEthernet0/1 on VLAN0001. Inconsistent port type.
```

Mstari wa kwanza unasema: nimepokea BPDU ya 802.1Q kwenye poti isiyo tranki. Wa pili unasema: naiziba poti hii kwenye VLAN 1, aina ya poti hailingani. Yaani swichi ilikuwa imeshaeleza kila kitu, sababu na hatua iliyochukua, kabla hata sijafunga mlango wa raki.

Kwa nini basi hakuna aliyeona? Tazama ile namba 7 katikati ya jina la ujumbe. Ni kiwango cha uzito, na 7 ndicho cha chini kabisa, cha ujumbe wa uchunguzi. Swichi ikiachwa na mipangilio ya kiwandani hutuma kwenye seva ya logi ujumbe wa kiwango cha 6 kushuka hadi 0, basi. Cha 7 kinabaki ndani ya kumbukumbu ya swichi yenyewe. Mimi naona hili ni kosa la uainishaji: tukio linalokata ghorofa nzima limewekwa daraja moja na porojo za uchunguzi. Lakini ndivyo lilivyo kwenye Catalyst nyingi za ngazi hii, na kwa hiyo anayesubiri seva ya logi imwambie atasubiri bure. Na hata seva ingekubali kuupokea, ujumbe ungepitia wapi, ikiwa njia ya usimamizi ni VLAN 1 na ndiyo hiyo iliyozibwa?

Jambo la pili linalowazuga watu ni kwamba uzibaji huu ni wa upande mmoja. Swichi kuu, iliyo tranki, ilikuwa inapokea kutoka ghorofani BPDU ya kawaida isiyo na tagi. Kwenye tranki, BPDU kama hiyo huhesabiwa kuwa ya VLAN 1, na haina kosa lolote. Ndiyo maana ukichunguza ukiwa swichi kuu unaona afya tupu. Anayelalamika ni yule aliye akses, na sauti yake haitoki nje. Fundi mmoja mkubwa aliyenifundisha kazi alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, waya una ncha mbili, na wewe umesoma moja." Kwenye hitilafu hii ushauri wake ni wa kuchukuliwa neno kwa neno: usiamue lolote mpaka umesoma ncha ya pili, hata kama ni kwa kupanda ngazi.

Ukishakuwa kwenye ncha iliyozibwa, amri ya kwanza ni hii:

```
show spanning-tree inconsistentports
```

Kwangu ilitoa mstari mmoja: VLAN0001, GigabitEthernet0/1, `Port Type Inconsistent`. Ukitazama `show spanning-tree vlan 1` utaona poti hiyohiyo ina hali ya `BKN` badala ya `FWD`, na mwishoni mwa mstari kuna `*TYPE_Inc`. Herufi hizo `BKN` zikuzindue. Poti iliyozibwa kihalali ili kuzuia kitanzi huandikwa `BLK`. `BKN` maana yake imezibwa kwa sababu kuna kitu kimevunjika katika makubaliano.

Amri ya pili ndiyo inayotaja chanzo. Niliandika `show interfaces gi0/1 switchport`, na mistari iliyonihusu ilikuwa hii:

```
Administrative Mode: dynamic auto
Operational Mode: static access
```

Mstari wa juu ni kile kilichosanidiwa, wa chini ni kile kilichotokea. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nimeandika `switchport mode trunk`. Sasa swichi inaniambia poti iko kwenye `dynamic auto`, yaani hali ya kiwandani ya kungoja jirani apendekeze, na kwa kuwa hakuna aliyependekeza imejikalia akses.

Amri yangu ilikwenda wapi? Hapa ndipo namna ya kufungasha fremu inapoingia. Catalyst 2960 inajua namna moja tu ya tranki, 802.1Q. Kwa hiyo kwenye usanidi wake hakuna mstari wa kuchagua. Unaandika `switchport mode trunk` na imekwisha. Catalyst 3560 inajua mbili: 802.1Q, na ile ya zamani ya Cisco iitwayo ISL. Kwa kuwa zipo mbili, poti zake hutoka kiwandani zikiwa zimeachiwa zichague zenyewe kwa mazungumzo. Ukiiambia iwe tranki kabla hujaichagulia namna, inakukatalia:

```
Command rejected: An interface whose trunk encapsulation is "Auto" can not be configured to "trunk" mode.
```

Mstari huo ulipita mbele ya macho yangu mezani kati ya mamia ya mistari iliyokuwa ikibandikwa, na sikuuona. Mstari uliofuata kwenye faili, `switchport nonegotiate`, nao ulikataliwa, kwa sababu huwezi kuikataza poti isijadiliane wakati umeiacha kwenye hali ya kujadiliana. Faili lililoandikwa kwa ajili ya swichi moja liliingia kwenye nyingine likiwa na tundu mahali pa muhimu kuliko pote.

Bado swichi kuu ingeweza kuniokoa. Poti iliyowekwa `switchport mode trunk` peke yake huendelea kutuma ujumbe wa DTP kumwalika jirani awe tranki, na jirani aliye `dynamic auto` hukubali. Lakini swichi kuu ile ilikuwa na `switchport nonegotiate`, ambayo hunyamazisha DTP. Wengi huiweka kwa usalama, na sababu yao ni nzuri: hutaki kompyuta ya mgeni ijifanye swichi na kujipatia tranki. Gharama yake ni kwamba pande zote mbili lazima ziandikwe kwa mkono na zifanane, maana hakuna tena anayemrekebisha mwenzake.

Tiba ilikuwa mistari minne, na mpangilio wake ndio wenye maana:

```
interface GigabitEthernet0/1
 switchport trunk encapsulation dot1q
 switchport mode trunk
 switchport nonegotiate
```

Poti ilishuka, ikapanda, ikapita vipindi vyake viwili vya sekunde 15 kila kimoja, na data ikaanza kupita. Hakuna haja ya kuizima na kuiwasha kwa mkono. Hii si `err-disabled`, inayomngoja binadamu aje aifungue. Ulinzi huu hujiondoa wenyewe mara BPDU zisizolingana zinapokoma, na ukirekebisha upande wa jirani badala ya upande wako, utaona ujumbe wa `%SPANTREE-2-UNBLOCK_CONSIST_PORT` ukikuarifu kwamba makubaliano yamerudi.

Kuna watu hukasirika na swichi kwa kuziba. Wanauliza, si ingeacha tu data ipite? Kwanza tuwe wakweli kuhusu kisa changu: hata isingeziba, kompyuta za ghorofa ya pili zisingepata mtandao. Zilikuwa kwenye VLAN 10, na poti ya akses ya VLAN 1 haiwezi kubeba VLAN 10. Kilichowakata watu wa uhasibu ni tofauti ya aina yenyewe. Uzibaji ulichokata juu ya hapo ni njia yangu ya usimamizi tu.

Na uzibaji huo una sababu nzito. Chukua mfano ambapo VLAN asili ya tranki si 1 bali 99, na jirani yake ni poti ya akses ya VLAN 10. Data ya VLAN 10 inatoka bila tagi, na upande wa pili inaangukia VLAN 99. Tayari VLAN mbili ambazo zilitenganishwa kwa makusudi zimekuwa mtaa mmoja. Lakini BPDU ya kawaida inayotoka kwenye poti hiyohiyo ya akses, ikifika kwenye tranki, haihesabiwi kwenye VLAN 99. Inahesabiwa kwenye VLAN 1, kwa sababu ndivyo PVST+ inavyoichukulia BPDU ya IEEE isiyo na tagi. Matokeo ni kwamba data inapita njia moja na mlinzi wake anasimama njia nyingine. Mti wa VLAN 1 unafanya hesabu kwa habari za VLAN 10, na VLAN 99 inabeba mzigo ambao mti wake haujui umetoka wapi. Ongeza waya wa pili wa akiba wenye kosa hilohilo, na una nafasi ya kitanzi ambacho hakuna mti hata mmoja unaokiona kikamilifu. Kitanzi hakikati ghorofa moja. Kinajaza swichi zote fremu zinazozunguka mpaka ofisi nzima inasimama. Kwa hiyo swichi inapoona dalili ya kwanza kwamba hesabu zake haziwezi kuaminika kwenye waya fulani, kuuziba waya huo ndio uamuzi salama ilio nao.

Ndiyo maana sipendi kabisa dawa moja ninayoiona ikitumika: kuweka `spanning-tree bpdufilter enable` kwenye poti iliyozibwa. Inafanya kazi, kwa maana kwamba poti inafunguka. Inafunguka kwa sababu umeiziba masikio isizisikie BPDU, wala yenyewe isizitume. Tofauti ya aina bado ipo, VLAN bado zinachanganyika, na sasa hakuna mlinzi kabisa. Ukikuta mstari huo kwenye poti inayounganisha swichi mbili, uulizie uliingiaje.

Hitilafu hii ina ndugu zake ambao majina yao hufanana, na kuwachanganya hukupeleka kurekebisha mahali pasipo na kosa. Wa kwanza ni `PVID_Inc`. Huyu hutokea pande zote mbili zikiwa tranki, lakini moja ina VLAN asili 1 na nyingine 99. BPDU isiyo na tagi inafika, swichi inasoma PVID mwishoni mwake, inaona namba si yake, na inaziba VLAN hizo mbili zinazogongana. VLAN nyingine za tranki hiyo huendelea. Kwa hiyo ukiona baadhi ya watu wanafanya kazi na wengine hawafanyi kwenye waya uleule, anza na huyu. CDP nayo huwa inamsema kwa ujumbe wa `%CDP-4-NATIVE_VLAN_MISMATCH`. Kwenye kisa changu CDP ilinyamaza kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na VLAN 1 kwa fremu zisizo na tagi, na ukimya huo ni mtego mwingine.

Ndugu wa pili ni tranki mbili zilizofungasha tofauti, moja ISL na nyingine 802.1Q. Aliye ISL hupokea BPDU isiyo na kifungashio anachokitarajia, naye anaandika `RECV_1Q_NON_1QTRUNK`. Huyu anatoweka pole pole pamoja na swichi zenye ISL, lakini kwenye ofisi zinazonunua vifaa vilivyotumika bado yupo.

Wa tatu ni `PVST_Inc`, na hapa jina linadanganya hasa. Huyu hutokea kwenye swichi ya MST, namna ya STP inayokusanya VLAN nyingi kwenye mti mmoja, iliyopakana na swichi ya PVST+. Tranki inaweza kuwa sahihi kabisa pande zote. Kinachogombaniwa ni mzizi: swichi ya MST inaamini mzizi uko upande wake, halafu inapokea BPDU ya VLAN fulani kutoka upande wa PVST+ inayodai kuwa na mzizi bora zaidi. Inaandika `%SPANTREE-2-PVSTSIM_FAIL` na kuziba. Ukihangaika na `switchport mode` utachoka bure. Tiba ni kupanga vipaumbele vya STP ili mzizi wa VLAN zote ukae upande mmoja wa mpaka.

Kuna hali moja ambayo hata ukisoma ncha zote mbili za waya bado hupati mkosaji. Anwani `01:00:0C:CC:CC:CD` haimo kwenye kundi la anwani ambazo kiwango cha IEEE kinaziamuru swichi zisizipitishe. Kwa swichi isiyo ya Cisco, hasa zile ndogo za bei nafuu zisizo na usanidi, hiyo ni fremu ya kundi kama nyingine, na inaisambaza kwenye poti zake zote. Kwa hiyo mtu akiweka kiswichi cha poti 8 chini ya meza ya mapokezi, na kikaunganishwa na tranki upande mmoja na poti ya akses ya swichi nyingine upande wa pili, swichi mbili zilizo mbalimbali zitasikiana kupitia hicho. Ile ya akses itaziba poti inayokwenda kwenye kiswichi ambacho hakina STP wala VLAN, na utabaki kujiuliza kifaa kisichojua tranki kimetumaje BPDU ya tranki. Andika `show cdp neighbors` kwenye poti iliyozibwa. Ikikuonyesha swichi ambayo waya wake unajua kabisa haufiki hapo, fuata waya kwa mkono, uinamie chini ya meza.